LUKU inakula uniti: pima kwanza, kisha mwandikie mwenye nyumba

Wapangaji wengi wakiniita kwa shida ya LUKU husema neno moja tu: "Inakula." Ukiuliza inakula lini, saa ngapi na kiasi gani, hakuna jibu. Mwenye nyumba naye akiambiwa hivyohivyo hujibu kama wenye nyumba wote wanavyojibu, kwamba punguzeni pasi na friji. Mazungumzo yanaishia hapo, na mpangaji anaendelea kununua.

Uniti zinaweza kupotea kwenye ununuzi, kabla hazijafika kwenye mita. Zinaweza kupotea kwenye nyaya za nyumba, baada ya mita. Na zinaweza kupotea ndani ya mita yenyewe. Haya matatu yana dalili tofauti, na mtu wa kuyashughulikia si yuleyule. Nitaanza na la ununuzi kwa sababu ndilo linalowadanganya wengi, na kulipima ni bure.

Fedha ileile, uniti zimepungua

Kama malalamiko yako ni kwamba "zamani elfu kumi ilinipa uniti nyingi, siku hizi chache", mita haihusiki. Uniti huhesabiwa kwenye mfumo wa mauzo, zinafungwa ndani ya zile namba 20 za tokeni, na mita kazi yake ni kuzifungua tu. Kwa hiyo soma ujumbe wa malipo mstari kwa mstari.

Angalia kwanza uko tarifa gani. Mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi huwa D1, na kwake uniti ni shilingi 100 kabla ya makato. Mteja wa kawaida wa T1 hulipa 292. Juu ya hapo kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya mdhibiti EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22. Ndiyo maana wa D1 anapata uniti 75 kwa shilingi 9,150, wakati wa T1 kwa fedha hiyohiyo anapata 25.7 hivi. Nyumba ikihamishwa kutoka D1 kwenda T1 bila mpangaji kujua, ataapa kwamba mita imeharibika. Jambo hili huwapata sana wanaochangia mita moja vyumba vinne: kila mmoja anatumia kidogo, lakini mita inajumlisha wote na 75 inapitwa.

Kisha angalia makato mengine. Kodi ya jengo inakusanywa kupitia LUKU tangu Agosti 2021, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi. Hukatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, na kama kuna miezi iliyorukwa, inakuja kwa pamoja. Ukinunua 10,000 ukiwa T1 bila makato hayo unapata uniti 28.1. Kodi ikikatwa unapata 23.9. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, si yako, kwa hiyo hifadhi ujumbe na mmalizane kwenye pango. Sitaingia zaidi hapo.

Jaribio la kufunga ukurasa huu ni dogo. Andika salio kabla ya kuingiza tokeni, ingiza, andika salio jipya. Tofauti lazima iwe sawa na uniti zilizoandikwa kwenye ujumbe. Kama ni sawa, ununuzi hauna kosa, na kinachokula kinakula baadaye.

Salio linashuka hata usipotumia

Hapa ndipo penye kazi. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu nayo pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh au 3200 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikipepesa mara hizo, mita imekata uniti moja. Taa hiyo ndiyo shahidi wako, kwa sababu inaonyesha kinachohesabiwa sasa hivi, wakati salio linakuonyesha kilichokwisha kuliwa.

Hesabu mipepeso kwa dakika moja kamili, ukitumia saa ya simu, kisha:

```
Wati = mipepeso kwa dakika x 60000 / imp
```

Kwa mita ya 1000 imp/kWh ni rahisi: zidisha mipepeso kwa 60. Mipepeso 10 kwa dakika ni wati 600.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una rimoti tu, taa hutaiona. Itabidi utegemee salio, na jaribio litachukua saa nyingi badala ya dakika.

Sasa zima kwa hatua. Chomoa kila kifaa kwanza, hata chaja na king'amuzi, halafu tazama taa. Ikitulia, tatizo ni kifaa kimojawapo. Rudisha kimoja kimoja utakipata. Mara nyingi ni friji ambalo mpira wa mlango umechoka, au hita ya bafuni ambayo swichi yake haizimi.

Vifaa vyote vimechomolewa na taa bado inapepesa? Nenda kwenye boksi la sakiti breka. Teremsha breka moja, tazama taa, rudi teremsha nyingine. Breka ambayo ukiishusha taa inatulia ndiyo yenye kitu usichokijua. Nimeshakuta taa za ukuta wa nje, pampu ya kisima na soketi ya kibanda cha mlinzi, vyote vimeungwa kwenye mita ya mpangaji na yeye hana habari. Wakati mwingine hakuna kifaa kabisa. Waya umechubuka ndani ya bomba, maji ya mvua yameingia, umeme unavuja kwenda ardhini polepole. Dalili ya kuvuja ni kwamba mipepeso huongezeka kukinyesha na kupungua kukikauka.

Mita hapo haijakosea kitu, imehesabu umeme uliopita kweli. Anayetakiwa ni fundi wa nyaya, na nyaya baada ya mita ni za mwenye nyumba.

Breka zote ziko chini na bado inapepesa

Hii ndiyo hali inayowachanganya hata mafundi, kwa hiyo nenda taratibu. Kabla ya kugusa swichi kuu, angalia namna taa inavyopepesa. Inapepesa kwa mwendo mmoja mchana na usiku, au inalala kabisa kisha inakimbia kwa muda na kulala tena?

Ikiwa inakimbia na kulala, mshuku jirani, tena jirani asiye na hatia. Nyumba nyingi za kupanga zilianza kama nyumba moja yenye mita moja. Baadaye mwenye nyumba akaigawa, kila upande ukapata LUKU yake. Fundi akatenganisha nyaya za laivu, zinazoleta umeme, lakini nyutro, zinazourudisha, akaziacha zimeungana ndani ya boksi fulani ukutani, kwa sababu taa zinawaka na kazi inaonekana imekwisha. Mita nyingi za kisasa hupima laivu na nyutro zote mbili na kuhesabu ile yenye umeme mwingi, ili kuzuia wizi. Basi jirani anapochemsha maji, umeme unaingia kwa laivu yake, na ukirudi unagawanyika: sehemu inapita nyutro yake, sehemu nyutro yako. Mita yako inauona huo unaorudi na kukukata wewe. Jirani naye anakatwa wake wote. Umeme mmoja unalipiwa mara mbili, na hakuna aliyeiba.

Namna ya kuthibitisha ni kumwomba jirani awashe birika la umeme huku wewe umetazama mita. Akiwasha taa yako inakimbia, akizima inalala. Rudieni mara kadhaa ili isiwe bahati.

Sasa zima swichi kuu. Ikiwa ni ya aina inayokata laivu na nyutro pamoja, shida ya nyutro ya jirani itatulia palepale. Ikiwa ni ya kukata laivu peke yake, nyutro inabaki imeungana na mipepeso itaendelea, kwa hiyo usiharakishe kuilaumu mita. Fundi akifungua boksi la swichi hiyo ataona upesi kama ina njia mbili au moja.

Na kama swichi inakata zote mbili, imezimwa, na taa inaendelea kupepesa kwa mwendo uleule? Yamebaki mambo mawili tu. Ama kuna mtu ameunga waya kati ya mita na swichi kuu, ama mita inajihesabia yenyewe.

Kisa cha nyumba ya nyuma

Dada mmoja, mpangaji wa nyumba ya nyuma kwenye kiwanja chenye familia tatu, alinipigia akisema elfu kumi iliyokuwa inamsogeza siku 9 sasa haimalizi ya 4. Ilianza baada ya usiku wa radi, umeme ulipokatika na kurudi mara nyingi. Yuko T1, na ujumbe wake wa ununuzi ulikuwa safi: uniti 28.1 zimeingia, salio limeongezeka 28.1.

Tulichomoa vifaa na kushusha breka, taa ikaendelea. Mipepeso 4 kwa dakika kwenye mita ya 1000 imp/kWh, yaani wati 240. Jirani akawasha birika, bado 4. Akazima, bado 4. Nikafungua boksi la swichi kuu. Ni ya njia mbili, na ilipozimwa nilipima kwa testa upande wa nyumba nikakuta hamna kitu. Taa ya mita haikujali: 4 kwa dakika.

Wati 240 zinaonekana kidogo, lakini hazilali. Kwa saa 24 ni uniti 5.76, na kwa mwezi wa siku 30 ni 173 hivi. Kwa bei ya T1 pamoja na makato, shilingi 356.24 kwa uniti, ni zaidi ya 61,000 kila mwezi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu. Matumizi yake halisi ni uniti kama 3 kwa siku. Ukijumlisha unapata karibu 8.8, na 28.1 haiwezi kumaliza siku ya nne. Hesabu ilikubaliana na malalamiko yake, jambo ambalo si la kawaida.

Nilimwambia afanye jaribio moja zaidi, la usiku. Vyakula vya kwenye friji alishavimaliza, akalizima. Saa 2 usiku akapiga picha salio: 31.6. Swichi kuu ikabaki chini mpaka saa 12 asubuhi, akapiga tena: 29.2. Uniti 2.4 kwa saa 10, yaani wati 240 zilezile.

Je, ni waya wa wizi au ni mita? Nilielekea kwenye mita. Mtu akiiba umeme huwa anautumia: taa zitawaka usiku, pasi asubuhi, na mipepeso itapanda na kushuka. Hii haikutikisika kwa chochote. Lakini kuelekea si kujua. Bomba kutoka kwenye mita limezama ukutani, na ili kujua lazima nyaya zinazotoka kwenye mita zifunguliwe. Hapo pana sili ya shirika la umeme, na sili haiguswi na mpangaji, wala fundi wa mtaani, wala mwenye nyumba. Ukiikata, kesi ya mita mbovu inageuka kuwa kesi ya kuchezea mita, na ushahidi wako wote unakwenda na maji.

Kwa nini mwenye nyumba ndiye apeleke ombi

Mita imeandikishwa kwa jina lake. Mpangaji anaweza kutoa taarifa ya dharura kama umeme umekatika, lakini kuomba mita ipimwe au ibadilishwe ni jambo la mwenye akaunti, na ofisini wataulizia jina hilo. Zaidi ya hapo, jibu la kipimo linaweza kuwa "nyaya za nyumba", na hizo ni zake. Afadhali awepo kwenye jambo tangu mwanzo kuliko kuletewa lawama mwishoni.

Yule dada alikuwa tayari ameandika ujumbe mrefu wa hasira. Tulikaa tukaupunguza. Huu ndio alioutuma, na ninauweka hapa kwa ruhusa yake kwa sababu ulifanya kazi:

> Shikamoo baba. Poleni na majukumu, habari za nyumbani? Ni mimi mpangaji wako wa nyumba ya nyuma. Baba, LUKU ya huku inakata uniti hata umeme ukiwa umezimwa kabisa. Ilianza baada ya ile radi. Nimekuja na fundi, tumezima swichi kuu, taa ya mita inaendelea kupepesa mara 4 kwa dakika. Juzi nilizima swichi kuu usiku kucha: saa 2 usiku salio lilikuwa 31.6, saa 12 asubuhi 29.2. Picha na video ninakutumia hapa chini. Fundi amekagua breka na swichi, anasema tatizo liko kwenye mita au kwenye waya wa kutoka mita hadi swichi kuu, na huko yeye haruhusiwi kufungua kwa sababu ya sili. Mita ina jina lako, kwa hiyo naomba baba utoe taarifa kwa shirika la umeme waje waipime, na unipe namba ya taarifa niifuatilie. Naomba pia fundi wako mwenye leseni awepo siku hiyo, ili ikiwa ni nyaya aone palepale. Mimi nitakuwepo kufungua mlango siku yoyote utakayopanga. Gharama tutazungumza baada ya kujua tatizo ni nini. Asante sana baba.

Angalia alivyosema "mita au waya". Hakuhukumu. Mwenye nyumba akisoma "mita yako mbovu inaniibia" atajitetea; akisoma salio la saa 2 na la saa 12 hana cha kubishia. Video nayo ilikuwa fupi: inaanza kwenye swichi kuu iliyozimwa, inakwenda bila kukatwa hadi kwenye taa ya mita, inakaa hapo dakika nzima. Ukitengeneza yako, usiikate katikati.

Na kama mzee yuko mbali, mwombe aandike barua fupi ya kukuruhusu ushughulikie kwa niaba yake, yenye namba ya mita, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Ukienda na hiyo mkononi hutazungushwa sana.

Jaribio moja lisilotosha

Wapo wanaoshuku kwamba mita haijihesabii ikiwa imezimwa, bali inakimbia kupita kiasi ikiwa na mzigo. Hao huambiwa wachukue birika la wati 2000, walichemshie maji peke yake, na walinganishe mipepeso. Kwenye mita ya 1000 imp/kWh unatarajia 33 hivi kwa dakika. Jaribio ni zuri, ila lisomwe kwa akili. Wati 2000 zilizoandikwa kwenye kitako ni kwa volti maalumu, mara nyingi 230. Jioni volti zikishuka hadi 210, birika hilohilo linakula 1667 tu, na mipepeso itakuwa 28. Mita ya daraja la 1 inaruhusiwa kukosea asilimia 1. Birika lako linaweza kukosea 15 bila mtu kujua. Kwa hiyo ukipata 30 au 36 huna kesi. Ukipata 60 unayo. Kati ya hapo, kinachoamua ni mita ya kulinganisha inayofungwa na shirika sambamba na yako, zikasomwa pamoja baada ya siku kadhaa.

Usitumie pasi kwa jaribio hili. Inajizima na kujiwasha kila ikipata joto na itakuharibia hesabu.

Siku ya wapimaji

Piga picha salio kabla hawajagusa kitu. Mita ikibadilishwa, salio hilo ndilo la kudai lihamishiwe kwenye mpya, na baada ya mita ya zamani kuondoka ukutani hakuna tena pa kulisoma.

Mwombe mpimaji aweke klampu mita, kile kibanio cha kupima ampea, kwenye laivu inayotoka kwenye mita, kisha kwenye nyutro, moja moja. Ukiona laivu haina kitu lakini nyutro ina ampea kadhaa, ni ile nyutro ya kuazimana. Mita nzima, nyaya mbovu. Ukiona laivu ina umeme wakati swichi kuu imezimwa, kuna kiungo ukutani kabla ya swichi, na ukuta utachimbwa. Ukiona zote mbili hazina kitu na taa bado inapepesa, mita imejishtaki yenyewe.

Kwa dada wa nyumba ya nyuma zote mbili zilisoma sifuri. Mpimaji alifungua nyaya za kutokea kabisa, mita ikabaki haina kitu mbele yake, na taa ikaendelea, nne kwa dakika. Mzee alikuwepo, amesimama na miwani yake, akahesabu mwenyewe mara mbili. Mita mpya ilifungwa na salio likahamishwa. Uniti zilizokwisha kuliwa ni dai jingine, la kuandikwa kwa barua kwa jina la mwenye akaunti, likiambatana na fomu ya kipimo. Mzee aliisaini siku hiyohiyo, na kwenye pango la mwezi uliofuata akampunguzia kidogo wakati wakisubiri jibu.